Gramu ni gramu, ufundi ni shilingi: jinsi ya kuifumua bei ya sonara

Msimu wa harusi ukikaribia, simu yangu haitulii. Maswali ni yale yale: "Kaka, nimetajiwa milioni mbili na laki sita kwa pete mbili, nimepigwa?" "Nimempa fundi bangili ya mama, karudisha pete nyepesi, anasema dhahabu imepungua kwenye moto, ni kweli?" Nilikaa kwenye meza ya sonara hapa Mwanza mjini miaka saba, kwanza nikipuliza moto na kufagia, baadaye nikifua mwenyewe. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeandika hapa jinsi ninavyoifumua bei ya kitu cha dhahabu, kwa mfano wa pete mbili za ndoa za karati 18, maana hizo ndizo zinazoulizwa zaidi.

Bei ya sonara ina mafungu matatu. La kwanza ni mali, yaani dhahabu iliyomo ndani ya pete. La pili ni upotevu, ambao wengine huuita upungufu, yaani dhahabu inayodaiwa kupotea wakati wa kazi. La tatu ni ufundi, yaani malipo ya mikono, moto, pango la duka na faida. Shida inaanza mafungu haya yanapotajwa kwa namba moja, au fungu moja linapojificha ndani ya jingine.

Unachohitaji kabla ya kuingia dukani

Uwe na bei ya dunia ya aunsi moja ya dhahabu ya siku hiyo hiyo, na kiwango cha kubadilisha dola cha siku hiyo. Vyote unavipata kwenye simu. Tume ya Madini nayo hutoa bei elekezi za madini, na kwenye soko la madini hizo ndizo zinazotumika, kwa hiyo ukiwa nazo una pa kulinganishia.

Uwe na kikokotoo, daftari na kalamu. Andika mbele ya muuzaji bila aibu. Muuzaji mwenye hesabu safi hachukii kalamu.

Kama unapeleka dhahabu yako ya zamani, ipime uzito kwenye maduka mawili tofauti kabla ya kufika kwa fundi, na upige picha mzani ukiwa unaonyesha namba. Mzani uwe unasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, yaani 0.01, na uwe umekaguliwa na Wakala wa Vipimo. Mzani wa dagaa pale Mwaloni ukikosea gramu 5 hakuna anayelia. Kwenye dhahabu, gramu 5 ni zaidi ya milioni.

Hatua ya 1: Tafuta bei ya gramu moja ya dhahabu safi

Aunsi inayotumika kwenye dhahabu ina gramu 31.1035. Si aunsi ya jikoni, ile ina gramu 28 na kitu, na ukiitumia hesabu yote inakwenda mrama. Fanya hivi:

```
bei ya aunsi kwa dola x shilingi kwa dola / 31.1035 = gramu 1 ya karati 24
3,800 x 2,455 / 31.1035 = 299,934
```

Namba hizo ni za mfano tu. Wewe weka za siku yako. Kwa mwongozo huu nitachukua shilingi 300,000 kwa gramu ya karati 24 ili tusihangaike na vichenji.

Hatua ya 2: Ishushe hadi karati ya pete yako

Karati ni sehemu kati ya 24. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu, na sehemu 6 zilizobaki ni shaba, madini ya fedha na vinginevyo, vilivyotiwa ili iwe ngumu. Gawa 18 kwa 24 unapata 0.75, ndiyo maana ndani ya pete unakuta muhuri wa 750. Karati 22 ni 916, karati 14 ni 585, karati 9 ni 375.

Kwa hiyo gramu moja ya karati 18 ina dhahabu ya shilingi 300,000 mara 0.75, sawa na 225,000. Iandike juu ya ukurasa na uizungushie duara. Kila kitu kinachofuata kinapimwa kwa namba hii.

Angalia usichanganye karati ya dhahabu na karati ya jiwe. Karati ya jiwe ni uzito, na moja ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi. Nimewahi kumsikia muuzaji akimwambia binti "hii ni karati mbili" huku akionyesha mkufu mzima, na binti akaitikia kwa kichwa.

Hatua ya 3: Pima uzito wa dhahabu peke yake

Omba pete ziwekwe kwenye mzani mbele yako. Kabla ya hapo mzani usome 0.00, feni izimwe, na kioo cha mzani kifungwe kama kipo. Upepo wa feni unatosha kuichezesha namba ya mwisho.

Kama pete ina jiwe, uzito wa jiwe lazima utoke. Tuseme pete ni gramu 6.0 na jiwe ni zirkonia ya gramu 0.9. Ukilipa gramu zote kwa bei ya dhahabu, umenunua kipande cha vito vya bandia kwa shilingi 202,500. Kwa pete mpya inayotengenezwa, mwambie fundi apime kabla ya kupachika jiwe na akuandikie. Kwa pete iliyokwisha pachikwa, muulize muuzaji uzito wa jiwe. Wanaonunua kwa jumla huwa wameandikiwa.

Pete zetu za mfano hazina mawe. Ya bibi harusi ni gramu 3.2 na ya bwana harusi ni gramu 5.3, jumla gramu 8.5. Mali iliyomo ni 8.5 mara 225,000, sawa na shilingi 1,912,500.

Hatua ya 4: Uliza maswali matatu, kwa mpangilio huu

Usiulize "bei ya mwisho ngapi?" Ukianza hivyo umeshajifungia mlango, maana utapewa namba moja na utabaki kuikata kwa macho. Kijana mmoja wa Nyegezi nilienda naye dukani, nikamwachia aongee mwenyewe. Ilikuwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, karibu."

"Mzee, hizi mbili umesema milioni mbili na laki sita. Gramu moja ya karati 18 leo unaihesabu shilingi ngapi?"

Mzee akamtazama kidogo, akacheka. "Laki mbili na arobaini."

"Na upotevu unachukua asilimia ngapi?"

"Kumi. Ndiyo kawaida."

"Ufundi?"

"Elfu arobaini kwa gramu. Hapo nimekupunguzia."

Basi. Maswali hayo matatu yameshatoa kila kitu. Rudia hesabu yake kwenye daftari: gramu 8.5 kwa 240,000 ni 2,040,000. Upotevu wa asilimia 10 ni gramu 0.85, kwa 240,000 ni 204,000. Ufundi ni 8.5 kwa 40,000, sawa na 340,000. Jumla 2,584,000. Elfu kumi na sita iliyobaki imezungushwa ili ifike milioni mbili na laki sita.

Sasa weka hesabu yako pembeni, ukitumia 225,000 badala ya 240,000. Mali 1,912,500, upotevu 191,250, ufundi 340,000, jumla 2,443,750. Tofauti ni 156,250. Haikutajwa popote kama ufundi wala upotevu. Ilikuwa imelala ndani ya bei ya gramu, na kidogo kwenye kuzungusha.

Sisemi mzee ameiba. Duka lina haki ya faida, na mwenye duka naye hanunui dhahabu kwa bei ya kwenye simu. Ninachotaka uone ni kwamba faida hiyo si dhahabu. Kesho ukizirudisha pete, hakuna atakayekurudishia.

Hatua ya 5: Geuza asilimia ya upotevu iwe gramu, kisha uliza ziko wapi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa nyingi inapopita.

Siku moja nikiwa bado kwenye meza nilipima kazi yangu mwenyewe, pete mbili laini kama hizi. Niliweka kwenye kijungu gramu 10.00 za karati 18. Nikayeyusha na boraksi, nikamimina ukawa mchi, nikaufua, nikakata, nikakunja, nikaunga kwa lehemu, nikapiga tupa, msasa, kisha mashine ya kung'arishia. Mwisho pete zilikuwa gramu 8.50. Mteja ukimwambia "niliweka kumi zikatoka nane na nusu", atakubali kwamba gramu moja na nusu imepotea. Lakini kwenye sahani kulikuwa na vipande vilivyokatwa vya gramu 1.16. Kwenye ngozi inayoning'inia chini ya meza kulikuwa na vumbi la tupa la gramu 0.27. Jumlisha vyote unapata gramu 9.93. Kilichopotea kweli kweli ni gramu 0.07.

Na hata hiyo haikwenda mbali. Nyingine ilikuwa kwenye kitambaa cha mashine, nyingine kwenye vidole. Kwa masonara hunawi mikono bombani. Unanawa kwenye beseni, na maji ya beseni hayamwagwi. Yanakaa wiki kadhaa, uchafu unatuama chini, unakaushwa na kuchomwa. Sakafu inafagiwa na taka zake zinatunzwa kwenye debe. Mwisho wa mwaka debe lile lina pesa.

Dhahabu yenyewe haiungui. Kwenye moto wa fundi haigeuki moshi. Kinachopungua kwenye kuyeyusha ni uchafu, mafuta ya mwili, na kidogo shaba iliyoshika kutu ya moto na kubaki kwenye boraksi. Kwa hiyo tenga vitu viwili: mabaki, ambayo yapo na ni mali ya mwenye dhahabu, na upotevu, ambao ndio usiopatikana tena.

Nimtendee haki fundi. Vumbi la tupa si safi. Limechanganyika na chuma cha tupa na mchanga wa msasa, na kulisafisha kunagharimu asidi na muda. Ndiyo maana kwa pete laini asilimia 2 au 3 ya upotevu mimi sibishani. Kazi ya nyaya nyembamba zilizosokotwa, shanga zenye uwazi ndani, au mawe mengi ya kupachika kwa mkono ina tupa nyingi na viungo vingi, na hapo asilimia 5 hadi 8 naielewa. Asilimia 10 kwa pete laini si upotevu tena. Hiyo ni ufundi uliovaa kanzu ya upotevu.

Kwa nini inajalisha, ikiwa pesa ni ile ile? Inajalisha kwa sababu asilimia hupanda na bei ya dhahabu. Pete zetu zina upotevu wa 191,250 leo. Dhahabu ikipanda maradufu, upotevu ule ule wa asilimia 10 unakuwa 382,500, na fundi hakuongeza hata pigo moja la nyundo. Ufundi ukiwa shilingi, unapanda pale fundi anapoupandisha, na wewe unaona.

Mkufu uliokuja tayari kutoka nje, uliosukwa na mashine, haukupigwa tupa Mwanza. Muuzaji akikutajia upotevu juu yake, muulize ni upotevu wa meza gani. Mara nyingi anamaanisha alichotozwa yeye aliponunua pamoja na faida yake. Sawa, ila kiitwe faida.

Hatua ya 6: Hamisha pesa kwenye fungu lake, kisha ndipo upatane

Sasa pendekeza. Kijana wa Nyegezi nilimwambia asipunguze ovyo, aseme hivi: bei ya gramu iwe 225,000, upotevu uwe asilimia 3, na ufundi upande. Hesabu ikawa mali 1,912,500, upotevu gramu 0.255 ambazo ni 57,375, na ufundi akauongeza mwenyewe kutoka 340,000 hadi 400,000. Jumla 2,369,875. Walifunga kwa 2,400,000, tofauti ikahesabiwa kuwa ufundi. Mzee aliridhika kuliko nilivyotarajia. Alisema wateja wote humkata kwenye ufundi, ndiyo maana amezoea kuuficha.

Ujue pia kwamba ufundi unaolipa dukani hauendi wote kwa aliyefua. Maduka mengi hupeleka kazi kwa fundi wa meza anayelipwa kwa kipande. Ukimbana mwenye duka kwenye ufundi, anayebanwa mwisho ni yule wa moto, na yule akibanwa anaunga kwa haraka. Kiungo kibaya utakiona baada ya miezi sita, mstari mwembamba wa rangi tofauti mgongoni mwa pete.

Kwa vitu vidogo, omba ufundi kwa kipande badala ya kwa gramu. Hereni za gramu 1 zina kazi kuliko pete nene ya gramu 6. Ukilazimisha bei ya kwa gramu kwenye hereni, fundi atakubali kisha ataitafuta pesa yake mahali pengine.

Uliza kama bei uliyotajiwa ina VAT ndani. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18, na hutozwa juu ya jumla yote, mali na ufundi pamoja. Usikubali ije kama habari mpya wakati wa kulipa.

Hatua ya 7: Andikisha

Dai risiti ya EFD, na pamoja nayo karatasi yenye uzito wa dhahabu bila jiwe, karati, bei ya gramu ya siku hiyo, upotevu kwa gramu, na ufundi kwa shilingi. Risiti iliyoandikwa "pete 2" tu haitakusaidia siku ya kubishana.

Ukipeleka dhahabu yako mwenyewe

Shangazi yangu alitoka Ukerewe na bangili ya karati 22, gramu 10, aliyoachiwa na bibi. Alitaka pete mbili za karati 18 kwa ajili ya mwanawe. Alizipata, gramu 9. "Mayu, gramu moja imekwenda na moto," aliambiwa, na akalipa ufundi juu yake. Alikuja kwangu akiwa ameridhika, akauliza tu kama pete zimetoka vizuri. Zilikuwa nzuri.

Nikachukua kalamu. Bangili ya gramu 10 za karati 22 ina dhahabu safi gramu 9.17. Pete za gramu 9 za karati 18 zina dhahabu safi gramu 6.75. Zilizobaki kwa fundi si gramu 1, ni gramu 2.42 za dhahabu safi. Kwa bei ya mfano wetu hiyo ni kama shilingi 725,000. Ukishusha karati, fundi huongeza shaba na madini ya fedha, na uzito hupanda. Bangili ile ingetoa gramu 12.2 za karati 18. Kwa hiyo hata kama angerudishiwa gramu 10 kamili, "gramu kwa gramu" kama wanavyosema, angekuwa amepoteza karibu laki tano.

Tuliporudi fundi alikuwa mkarimu sana wa maneno, lakini hakukuwa na karatasi. Hatukupata kitu.

Kwa hiyo ukipeleka dhahabu yako, fuata haya:

1. Karati ipimwe kwanza, kwa mashine ya eksirei kama inapatikana, au kwa jiwe na asidi. Usitegemee muhuri.
2. Zidisha uzito kwa usafi, uandike gramu za dhahabu safi. Hiyo ndiyo amana yako, si uzito wa bangili.
3. Kaa uangalie ikiyeyushwa, na ipimwe tena ikishapoa. Tofauti ndogo ni ya uchafu. Ikizidi asilimia 1 au 2 kwenye bangili nzima isiyo na viungo vingi, uliza.
4. Kubalianeni upotevu kwa gramu za dhahabu safi kabla ya kazi kuanza.
5. Kazi ikiisha, pima pete na mabaki pamoja. Mabaki urudishiwe, au yakatwe kwenye ufundi kwa bei ile ile ya gramu uliyoandikiwa.

Na usije na dhahabu ghafi uliyouziwa pembeni na mtu aliyetoka machimboni, eti ni rahisi. Kununua madini ghafi kunahitaji leseni, na yanauzwa kwenye masoko ya madini. Zaidi ya hapo, ghafi ya kanda yetu ina madini ya fedha ndani yake, si karati 24. Iliyokamatwa kwa zebaki na kuchomwa mara moja bado ina zebaki imejificha kwenye vitundu vyake, na ikiingia kijunguni uzito unashuka kweli, na moshi wake ni sumu kwa fundi. Hapo akikuambia imepungua, hadanganyi.

Mambo yakienda kombo

*Muuzaji anakataa kutenga, anasema "sisi tunauza kwa kipande."* Pima kipande, toa mali kwa hesabu yako, kinachobaki ndicho unacholipia mikono na duka. Kwa pete laini ya karati 18, ikibaki robo ya thamani ya mali hivi, mimi naendelea kuongea. Ikibaki nusu au zaidi, natoka kistaarabu.

*Uzito wa dukani na wa duka jingine hautofautiani sana, 0.02 au 0.03.* Hiyo ni mizani tu. Ikifika 0.1, omba mzani urudishwe kwenye sifuri na upimwe kitu kingine ambacho uzito wake unaujua.

*Mkufu una muhuri wa 750 lakini ukiyeyushwa unapimwa chini ya hapo.* Mara nyingi ni lehemu. Mkufu una viungo vingi, na lehemu ya zamani ilikuwa ya karati ya chini ili iyeyuke mapema. Kushuka kidogo ni kawaida. Kushuka hadi karati 14 si lehemu, ni muhuri wa uongo.

*Hesabu yako haifungi na ya muuzaji ingawa namba zote zinafanana.* Angalia kama ametoza ufundi juu ya uzito uliokwisha ongezwa upotevu. Kwenye mfano wetu angehesabu gramu 9.35 badala ya 8.5, na hapo shilingi 34,000 zimeingia bila kubisha hodi. Ufundi hutozwa kwenye uzito wa pete iliyokamilika.

*Unataka kuziuza pete mwaka huo huo na unatajiwa bei ya chini sana.* Anayenunua analipa mali tu, tena chini ya bei ya siku, kwa kuwa ataziyeyusha. Kwenye pete zetu za 2,400,000, laki nne na themanini na kitu ilikwisha siku ya kwanza. Linganisha unachotajiwa na 225,000 kwa gramu, au na bei ya siku hiyo ya kuuza. Usilinganishe na risiti yako.

*Fundi anasema atakupunguzia ufundi ukimwachia mabaki.* Muulize mabaki ni gramu ngapi. Yale yangu ya 1.16 yalikuwa na thamani ya shilingi 261,000.